Mwanangu, tuwaite Kisimani

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka huku Muheza. Hatujambo, mguu wa baba yako umeshapoa.

Lile jina jipya la kundi letu la WhatsApp uliloniambia kwenye simu nimelala nalo. "Familia Moto", na ule moto wake wa picha pembeni. Najua nyinyi mnasema moto mkimaanisha jambo limenoga. Lakini asubuhi nilimsomea shangazi yako mkubwa, akaniuliza nani kaunguliwa na nyumba. Sikumcheka, maana yeye ndiye anayelifungua hilo kundi kabla ya watu wote, saa kumi na moja akitoka kuswali.

Hata hivyo una haki kutaka jina la sasa libadilike. "Familia ya Marehemu Mzee" na jina la babu yako mbele yake lilifunguliwa wiki ya msiba, tukachangishana, tukasahau kulibadilisha. Miaka imepita na bado kila ujumbe, hata wa harusi, unaingia chini ya neno marehemu. Bibi yako mkubwa yupo hai, anakula ugali wake, lakini kwenye jina la kundi hayumo. Wala mimi simo, kwa kweli, ila hayo nitayafikia.

Kuna na kasoro nyingine ambayo wewe huioni kwa sababu macho yako ni mazima. WhatsApp inakubali jina la hadi herufi 100, lakini kwenye orodha ya makundi huonekana mwanzo tu, mengine hukatwa. Shangazi kakuza maandishi ya simu yake, kwa hiyo yeye anaona "Familia ya Mare" basi. Na kundi la ukoo wa mumewe nalo linaanza hivyo hivyo. Ndipo ilipotokea ile aibu ya mwaka jana: akarekodi sauti ya dakika nne akilalamika kwamba wakwe zake ni wagumu kutoa mchango, akawapelekea wakwe zake wenyewe. Kwa hiyo neno linalotutofautisha na watu wengine likae mwanzo kabisa, na liwe fupi.

Baba yako alitaka "Ukoo wa" halafu jina la babu. Nilimwachia aseme, nikamuuliza: ukoo huku kwetu unafuata upande gani? Wa baba. Watoto wa shangazi zako wana ukoo wao kwa baba zao. Mimi nimeolewa humu miaka thelathini na moja, nimezika humu, nimezaa humu, na kwa neno hilo bado ni mgeni. "Wajukuu wa Mzee" nalo linawatoa shangazi na baba zako wadogo, na vitukuu je? Ukitumia jina la bibi, ndiyo balaa zaidi. Babu yako alikuwa na wake wawili. Ukiandika la bibi mkubwa, upande wa bibi mdogo watanyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwao kukoje.

Nikaona tuachane na majina ya watu, tutafute mahali. Kwanza nilifikiria Mfenesini, kwa ule mfenesi uliokuwa uani. Nikampigia binti wa ami yako kule Maskati, yule mwenye miaka kumi na moja, nikamwambia alitamke. Akagonga hapo hapo kwenye "mf", akasema "emu-fenesini", mwenyewe akaona haya. Mtoto akiogopa kulitamka jina la kwao hatalitumia. Na baba yako akanikumbusha kwamba mfenesi ulikuwa uani kwa bibi mkubwa, wale wa upande wa pili walikuwa wakifukuzwa wakija kuokota mafenesi. Nikaufuta.

Kilichobaki ni kisima. Kipo katikati, mlango wa jiko la bibi mkubwa unakitazama huku na wa bibi mdogo kule, na ndoo ilikuwa moja. Mimi siku yangu ya pili hapa kama bi harusi nilipelekwa hapo kuchota, mkono ukachubuka kwa kamba, bibi mdogo akanifunga kitambaa. Kila aliyezaliwa, kuoa au kuolewa humu kanywa maji yake. Kisimani. Herufi nane, hazikatwi kwenye simu yoyote. Yule mtoto wa Maskati alilitamka mara moja, nikamwambia aliandike bila kumsomea herufi, akaliandika sawasawa. Shangazi nilipomtajia alisema tu, "Enhe, kwetu."

Sasa sikiliza hili la mwaka. Usiandike mwaka kwenye jina la kundi. Mliandika mara moja kwenye lile la harusi ya kaka yako, sherehe ilipokwisha watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakidhani kazi imekwisha. Kundi liwe Kisimani, siku zote. Mkusanyiko wa Desemba ndio uwe na mwaka: "Siku ya Kisimani 2026", mwakani mnabadilisha tarakimu tu. Nimesema siku kwa makusudi. Mkiita kikao, wazee watakuja na hati za viwanja na vijana hawatakuja kabisa. Mkiita mkutano, kila mtu atauliza ajenda na mchango. Wala msiifunge na Iddi au Krismasi kwenye jina, maana tuna wakwe wa pande zote mbili.

Usipige kura kundini. Mara ile ya fulana mlipiga kura saa tatu usiku, nyinyi vijana mkamaliza ndani ya saa moja, wazee wakaamka wakakuta rangi ya pinki imeshapita. Piga simu tatu: kwa mkubwa kuliko wote, kwa mkwe aliyeingia karibuni, na kwa mtoto anayekaa mbali. Mmoja wao akisita, muulize anasita nini.

Ukishamaliza, usibadilishe kimya kimya. Ukibadilisha, kundi linaandika lenyewe kwamba fulani kabadilisha jina, na wazee wataona kama limevamiwa. Shangazi atangulie kutuma sauti kueleza, kesho yake ndipo wewe ubadilishe. Kwenye maelezo ya kundi andika jina la zamani likae mwezi mmoja, halafu sentensi moja: wazao wa babu na bibi zetu wote wawili, pamoja na waliooa na kuolewa kwetu. Kisha kwenye mipangilio weka kwamba maadmini tu ndio wanaoweza kugusa jina na picha. Baba yako mdogo hajui kusoma vizuri, kundi analitambua kwa picha. Siku mlipoweka keki ya bethidei ya binamu yako alikaa wiki nzima akidhani katolewa.

Yule ami yako aliyegombana na baba yako juu ya shamba usitegemee jina litamrudisha. Mwingize tu kama wengine, akitoka usimfuate.

Picha ya kisima sina nzuri. Siku hizi kimefunikwa zege tangu bomba lilipokuja, na juu yake mtu kaanika mihogo. Nimemtuma mdogo wako akaipige asubuhi kabla jua halijawa kali, mihogo aiache palepale.

Mama yako