Malalamiko kuhusu kutu kwenye kingo za mabati

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: MABATI YALIYOKATWA KWA GRAINDA, NYUMBA YA BAGAMOYO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea jibu lenu kwamba kutu ya paa langu imeletwa na chumvi ya bahari, hivyo dhamana haihusiki. Sikubaliani nalo.

Mabati ni geji 28, yamepigwa chapa AZ150 kwa nyuma. Kingo za chini, mlizokata kiwandani, ndizo zinazodondosha maji na kupigwa na upepo wa bahari, na hadi leo rangi yake haijabanduka. Kutu ipo kwenye vale tu, pale paa mbili zinapokutana, ambako mafundi wenu walikata mshazari kwa grainda wakiwa juu ya paa. Hapo rangi imebanduka upana wa kidole. Pembeni mwa mkato kumetapakaa madoa mekundu kama vipele: ni cheche za chuma zilizonasa kwenye rangi zikiwa za moto, wala hakuna aliyezifagia. Chumvi gani hiyo inayochagua mikato ya grainda?

AZ150 maana yake ni gramu 150 za mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Tabaka hilo hulinda vizuri uso wa bati. Ukingoni, chuma kiko wazi, na kinachokilinda ni zinki iliyo jirani, ambayo huliwa kwanza badala yake. Kwa kuwa asilimia 55 ya uzito wa mchanganyiko ni alumini, kinga hiyo ya ukingoni ni ndogo kuliko ya bati la zinki tupu. Mkasi wa bati hukata bila joto na kuiacha zinki mahali pake. Grainda huiunguza pamoja na rangi. Kama mnajua nyumba iko pwani, ndiyo sababu zaidi ya kuiacha grainda chini.

Fundi mliyemtuma alipuliza rangi juu ya kutu akaondoka. Imeshavimba. Hayo siyahesabu kuwa matengenezo.

Naomba mabati ya vale yaliyobanduka yabadilishwe, na mapya yakatiwe chini kwa mkasi. Kingo zipakwe praima yenye zinki nyingi siku hiyohiyo, kisha rangi, kwa brashi nyembamba inayoishia ukingoni, maana rangi ya brashi hupauka tofauti na ya kiwandani. Penye kutu ya juujuu, rangi iliyolegea ikwanguliwe hadi pale inaposhika, chuma kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae, ndipo praima ifuate. Gharama zote ziwe zenu, kwa kuwa ufungaji ulikuwa ndani ya bei niliyolipa.

Picha za vale na za kingo za chini nimeziambatanisha mzilinganishe. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, kazi ifanyike kabla ya masika.

Wenu,
Mteja, Bagamoyo