Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja wa Watumishi: Walichosema Wagonjwa Wetu

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na Bwana Yesu asifiwe.

Nianze na yale mnayoyajua ili tusipoteze muda. Mwaka huu tumekutana mara nne, tumezika mara mbili, tumechangia harusi tatu na tumenunua turubai moja. Safari ya Msimbati ilifanyika. Waliojiandikisha walikuwa 26, waliopanda gari ni 14, na gari lililipwa la watu 26. Hesabu mtasomewa na Mhazini. Wanachama tuko 47, waliomaliza ada ni 19.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua limesemwa sana pale chini ya mwembe: dodoso la wagonjwa, na shilingi 240,000 za mfuko wetu zilizotumika kuwalipa vijana wawili waliomaliza kidato cha sita ili wahoji wagonjwa. Wapo waliosema Mwenyekiti amelipa watu wa nje waje kutuchafua, kwa sababu mwaka jana tulipata alama 4.7 kati ya 5 na mwaka huu tumepata 4.1. Nalijibu hapa, maana uamuzi ule niliusimamia mimi na sijutii.

Mwaka jana waliouliza maswali walikuwa wauguzi wetu wenyewe, wamevaa sare, mgonjwa akiwa bado anasubiri dawa. Mama ametoka Naliendele na mtoto mgongoni, anaulizwa na yule yule aliyeshika faili lake, “Huduma zetu umezionaje?” Atajibu nini zaidi ya “nzuri, nashukuru”? Mgeni hamwambii mwenyeji kwamba mchuzi hauna chumvi kabla hajanawa mikono. Mwaka huu vijana walikaa nje ya geti, hawana sare, wakamsimamisha kila mgonjwa wa tatu anayetoka na dawa zake mkononi. Walimsomea maswali kwa mdomo, kwa kuwa wazee wetu wengi hawasomi, na kijana mmoja anajua Kimakonde. Kwa hiyo 4.7 na 4.1 hazilinganishiki hata kidogo. Kipimo kimebadilika, na anayesema huduma imeshuka hana ushahidi, kama ambavyo mimi sina ushahidi kwamba imepanda.

Walihojiwa watu 96 katika wiki mbili za mwezi wa tano, kabla ya msimu wa korosho. Hiyo 4.1 ya jumla naomba muisahau, kwani haikuambii ufanye nini kesho asubuhi. Usafi ulipata juu, daktari kusikiliza juu. Kusubiri kulipata 3.3, na uongozi ulipoona hivyo ukataka tuandike tu kwamba “foleni ni ndefu, waongezwe watumishi”. Hapo ndipo nilipokataa, na Katibu ni shahidi wangu.

Tuliwagawa wale 96 katika mafungu mawili. Waliopita maabara walikuwa 38, na kwa kusubiri walitupa 2.4. Wasiopita maabara walikuwa 58, nao walitupa 3.9. Yaani ile 3.3 haikuwa maoni ya mtu yeyote. Ilikuwa ni watu wengi walioridhika wamechanganywa na wachache waliokasirika. Nakiri 38 ni wachache, na kama ingekuwa 2.4 kwa 2.7 nisingesimama hapa kubishana. Lakini pengo la alama moja na nusu si la kubahatisha.

Wenzetu wa maabara walinuna, nami nawaelewa, ila maneno ya wagonjwa yaliwatetea. Watu 61 waliongeza maoni yao. Mimi na Katibu tulisoma kila mtu peke yake, tukayapanga katika mafungu, kisha tukalinganisha na kujadili pale tulipotofautiana. Ya kusubiri yalikuwa 29, kauli za watumishi 11, dawa 9, choo 5, na 7 ni shukrani tu. Kati ya yale 29 ya kusubiri, 21 yalisema jambo moja kwa maneno tofauti. Baba mmoja alisema, “Majibu nimepewa mapema, nikaambiwa rudi kwa daktari, nikaanza upya nyuma ya watu waliofika sasa hivi.”

Hatukuishia kwenye maneno. Tuligawa vikaratasi 50 kwa wagonjwa wanaokwenda maabara, kila kituo kinaandika saa, na 41 vilirudi. Ukiwapanga kwa muda, mgonjwa wa katikati alimsubiri daktari mara ya kwanza dakika 50. Maabara alikaa dakika 35, na hapo mjue kipimo cha haraka cha malaria chenyewe kinahitaji dakika 15 hadi 20 kabla ya kusomwa. Kisha, akiwa na majibu mkononi, alimsubiri daktari mara ya pili saa moja na dakika 10. Tatizo halikuwa maabara. Lilikuwa benchi la nje ya chumba cha daktari, ambalo halina msimamizi wala bajeti.

Ndiyo maana tukafanya la kwanza: viti vinne vya wenye majibu, na daktari anaita mmoja mpya, mmoja wa majibu, kwa zamu. Mwezi mmoja baadaye vikaratasi 33 vilionyesha mara ya pili imeshuka hadi dakika 25. Nisiwafiche, mara ya kwanza imepanda kutoka 50 hadi 58, na wagonjwa wapya wananung'unika. Siku za kliniki ya watoto utaratibu huu unavunjika kabisa, watu wanajaa mpaka viti vya majibu.

La pili ni dogo. Maoni ya dawa hayakuwa ya kukosa dawa tu, bali ya kupanga foleni dirishani ndipo uambiwe haipo. Sasa kila asubuhi mtu wa dawa anampa daktari orodha ya zilizoisha, ili mgonjwa aambiwe humo humo chumbani. Wiki mbili orodha ilitoka, wiki ya tatu haikutoka. Mhusika anajijua.

Kuhusu zile kauli 11, zimo zilizotaja mtumishi kwa jina. Niliyafuta majina kabla ya karatasi kubandikwa chumba cha chai, na wengine wamesema namlinda fulani. Dodoso haliwezi kumhukumu mtu, kwani hakuitwa kujieleza. Wenye majina nimezungumza nao mmoja mmoja, mlango umefungwa. Kumi na moja hazitoshi kujua chanzo ni tabia au ni lile dirisha dogo la dawa ambalo ukitoa maelezo lazima upaze sauti juu ya feni, na mgonjwa akasikia amefokewa. Tutaliangalia, Mungu akipenda.

Mwakani tunatarajia kurudia maswali yale yale, mwezi ule ule, pale pale getini, ili safari hiyo tulinganishe kwa haki. Vijana watahitaji posho tena. Mfukoni zipo shilingi 61,500, na wanachama 28 hawajamaliza ada, wakiwemo wanne kati ya waliouliza kwa sauti kubwa zile 240,000 zimekwenda wapi. Daftari liko kwa Mhazini, amekaa mlangoni.