Si mapepo, ni amonia

Ndugu Mhariri,

Miaka 11 nasoma gazeti lenu bila kuandika neno. Habari ya mzee wa Mbagala "aliyepandwa na mapepo" imenishinda. Katikati mliandika kwamba ana ugonjwa wa ini wa siku nyingi na tumbo limejaa maji, kisha mwandishi akaipita sentensi hiyo kama daladala inavyowapita wanafunzi kituoni.

Mtu mwenye ini lililojaa makovu akianza kulala mchana na kukesha usiku, mwambieni anyooshe mikono na kukunja viganja juu, kama anayesimamisha gari. Vikipigapiga kama mbawa za kuku, mpelekeni hospitali, si kwa mganga. Bakteria wa utumboni hutengeneza amonia kutokana na protini. Ini zima huigeuza urea, ikatoka na mkojo. Ini lililochoka huiacha ipite hadi kwenye ubongo, ikavuruga akili.

Chukueni mgonjwa mmoja wa Temeke, miaka 52. Alitumia dawa ya maji iitwayo laktulosi, mililita 30 mara 3 kwa siku, akili timamu. Chupa ilipoisha, muuzaji wa duka la dawa akamwambia mkewe: "Mama, hii ni ya waliofunga choo. Mzee si anapata choo vizuri?" Wakaacha. Siku ya 4 bila choo, usingizi umempotea, duka hilohilo likampa diazepamu, dawa ya usingizi inayozidi kuuzimisha ubongo huo! Asubuhi akatia chumvi kwenye chai, jioni haamshiki. Hospitali walimpa laktulosi mililita 30 kila baada ya saa 2 kwa mpira wa puani, maana asiyeamka akinyweshwa atapaliwa, mpaka choo kikatoka. Kesho yake akauliza nani kamvua saa yake.

Laktulosi ni sukari isiyomeng'enywa na utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana ilivyo, bakteria huichachusha kuwa asidi, na katika uchachu huo amonia hugeuka aina isiyopenya kirahisi kurudi kwenye damu. Hutoka na choo. Basi kipimo chake hakimo kwenye kijiko, kimo chooni: choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Kikiwa mara 1, dozi huongezwa. Akiharisha maji mara 6, hupunguzwa, kwa sababu mwili hupoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka figo nazo huongeza amonia kwenye damu. Vidonge vya kukojosha vikizidi huleta balaa hilohilo.

Choo cheusi kama lami ni damu, na damu tumboni ni protini tele kwa bakteria. Homa nayo huenda ni maambukizi kwenye yale maji ya tumbo. Hapo msiongeze dawa nyumbani, kimbieni hospitali. Na wanaowanyima wagonjwa hawa samaki na maharage waache, wanawamaliza misuli, nayo misuli husaidia kuondoa amonia.

Hivi diazepamu inauzwaje bila cheti, kama pipi za kijiti?

Napendekeza kibandiko chekundu, upana wa vidole 3, kwenye kila chupa ya laktulosi ya mgonjwa wa ini: "CHOO LAINI MARA 2 AU 3. USIACHE." Kingine kibandikwe kwenye meza ya mwandishi wenu.

Mfamasia,
Temeke, Dar es Salaam