YAH: KUKATWA SHILINGI 122,000 KWA MAFUTA YALIYOKUWAMO KWENYE TENKI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere,
Dar es Salaam.

Septemba 2025

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, na naomba barua hii uisome mwenyewe, usiikabidhi kaunta. Kwenye dhamana yangu ya shilingi 300,000 ya gari nililolikodi kwenu mmekata 122,000: lita 15 za petroli kwa shilingi 4,800 kila lita, na juu yake 50,000 mnayoiita ada ya kujaziwa. Gari nililirudisha tenki likiwa limejaa na risiti ya mafuta nikiwa nayo mkononi. Kijana wenu anayepokea magari hakuisoma. Aliisukuma kwa kidole ikarudi upande wangu, akasema, "Mama, siku hizi hata risiti zinanunuliwa."

Alinisemea hayo mbele ya baba yangu mzazi, ambaye alikuwa anasubiri ndege ya Mwanza.

Mkataba wetu mnaujua: gari linachukuliwa limejaa, linarudishwa limejaa. Nimetoka nalo Morogoro, nikaingia mjini kwa Ubungo, nikapita barabara ya Mandela hadi Tazara, na sheli nikaingia barabara ya Nyerere, kilomita zisizozidi sita kutoka kwenu. Sikujaza Kibaha, ingawa kulikuwa na nafasi na foleni fupi, kwa sababu najua mafuta yakijazwa mbali hupungua njiani na mnayatafutia sababu. Nilimwambia mhudumu wa pampu fulu tenki. Pampu ilipokata yenyewe ilikuwa imeingiza lita 41 kwa shilingi 2,800, jumla 114,800. Risiti ya EFD ina tarehe na saa. Papo hapo nikapiga picha ya dashibodi, mshale ukiwa juu ya F na kilomita zikisomeka.

Sasa tupige hesabu pamoja. Gari lilitembea kilomita 412 tangu nilipolichukua. Kwa lita 41, hiyo ni kilomita kumi kwa lita, ambayo ndiyo tabia ya gari la aina ile barabarani. Ninyi mnadai bado robo tenki ilipungua, yaani lita 15 kati ya 60. Basi gari lingekuwa limekula lita 56, kilomita saba na kidogo kwa lita, kwenye lami ya Morogoro tukiwa watu wawili. Kama gari lenu linakunywa hivyo, ni bovu, na mlinikodisha gari bovu. Kama si bovu, hizo lita 15 hazikupungua.

Kijana alisomaje geji? Aliniamuru niegeshe kwenye mteremko wa kuingilia, gari likiwa limeinua pua. Akazima injini, akaongea na simu, akaingia, akazungusha ufunguo na kuandika hapo hapo, kabla mshale haujatulia. Mtu anayepokea magari kila siku anajua kwamba ndani ya tenki kuna boya linaloelea juu ya mafuta, na ndilo linaloupeleka mshale. Gari likiinama, mafuta hukimbilia upande mmoja na boya hudanganya. Geji za magari mengi pia hupanda polepole baada ya kuwasha. Na hata zikisoma vizuri, mshale wa F hukaa pale pale kwa kilomita nyingi kabla ya kuanza kushuka, kwa hiyo mshale peke yake haupimi lita. Nilimwomba tulipeleke gari sehemu tambarare. Akakataa. Nikamwomba twende naye sheli, tuone tenki litapokea lita ngapi kabla pampu haijakata: likipokea 15 nalipa mimi, likipokea moja mnanilipa ninyi. Hicho ndicho kipimo kisichobishaniwa. Akakataa tena, akasema zamu yake inaisha.

Na lazima niseme jinsi siku ya kuchukua gari mwenzake alivyonishikilia nikubali tenki la kulipia kabisa. "Lipia sasa, mama, urudishe hata likiwa tupu, huna haja ya kuhangaika na sheli." Lita 60 kwa shilingi 3,600, jumla 216,000, na kinachobaki hakirudishwi. Nilitumia mafuta ya 114,800. Ningekuwa nimewaachia zaidi ya laki moja. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeingia barabara ya uwanja wa ndege na tenki tupu, kwa hiyo daima kitabaki kitu, na mteja anayefuata mtamuuzia tena mafuta yale yale. Mpango huo ungekuwa wa haki kwa mtu wa safari ndefu tu, anayejua atalimaliza tenki, tena kwa bei ya lita isiyozidi ya pampu. Yenu inazidi. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwezi huu kwa Dar es Salaam petroli haikufika 3,000. Hiyo 4,800 mmeitoa wapi? Na kama kujaza mafuta ni kazi inayostahili malipo, basi tozeni ada, lakini lita ziwe kwa bei ya sheli. Ninyi mmechukua faida kwenye lita na ada pia.

Nilipokataa tenki la kulipia, yule dada aliguna na kuandika kitu pembeni ya fomu. Sitaki kuamini kwamba kilichonipata siku ya kurudisha kilianzia hapo. Lakini nafikiri.

Nirudie ili uelewe kilichotendeka pale kaunta. Nilikuwa nimeiweka risiti juu ya meza, picha ziko kwenye simu, nimeishika simu mbele yake. Hakuitazama. Aliweka kidole kimoja juu ya risiti, kama mtu anayesogeza kitu kichafu, akairudisha kwangu. Akamgeukia mwenzake akatabasamu, ndipo akasema, kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwa nyuma yangu, kwamba siku hizi hata risiti zinanunuliwa. Baba yangu akasimama. Ana miaka zaidi ya sabini. Akaniuliza, "Wanasema umeiba nini?" Ndege ilikuwa inaita. Nilisaini fomu yenu kwa sababu hiyo tu, na juu ya sahihi nikaandika "sikubali makato". Itazameni nakala yenu.

Ninachodai ni shilingi 122,000 zirudi zote, pamoja na barua ya kuomba radhi yenye jina la baba yangu pia, iliyosainiwa na wewe, si na kaunta.

Tena nilipokuwa naandika nimetafuta risiti yenu ya EFD ya hizo 122,000 na sijaiona, kwa sababu hamkunipa. Mmenipa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Aliyeniambia risiti zinanunuliwa hakutoa risiti. Kwa hiyo nawapa siku saba. Zikipita, nakala ya barua hii, picha za dashibodi na risiti ya sheli zitakwenda Tume ya Ushindani, na karatasi yenu ya kalamu itakwenda TRA. Na hapo sitadai 122,000 peke yake. Nitadai na bei ya lita iliyo juu ya pampu kwa kila mteja mwenye fomu kama yangu, nami nitawatafuta.

Jina na simu yangu mnavyo kwenye mkataba.

Wako,
Mteja aliyerudisha gari limejaa