Meseji ya kitapeli hujengwa kwa vitu vya kweli

Ndugu Mhariri,

Maonyo mengi kuhusu utapeli wa mtandaoni bado yanawaambia watu watafute makosa ya tahajia. Sisi mafundi wa mitandao tunaona ushauri huo umepitwa na wakati, na kwa nyumba za wageni na kampuni za utalii za Moshi na Arusha, zinazopokea wateja kwa barua pepe usiku na mchana, ni wa hatari. Ujumbe wa hadaa ni ule unaojifanya umetoka kwa mtu au taasisi unayoiamini ili utoe nywila, namba ya siri au pesa. Siku hizi huandikwa kwa lugha safi, na karibu kila kinachoonekana ndani yake ni cha kweli.

Tuseme ni Januari, wapanda mlima wamejaa Moshi, na nyumba ya wageni inapokea barua pepe kutoka mtandao unaoiuzia vyumba. Inasema mgeni amelalamika, ingieni mjibu ndani ya saa 24, la sivyo tangazo lenu litasimamishwa. Nembo ni yenyewe, maana picha ya nembo hunakiliwa tu kutoka tovuti halisi. Jina la mtumaji nalo ni lile lile, kwa kuwa mtumaji hujiandikia jina alipendalo, na simu nyingi huonyesha jina hilo na kuficha anwani mpaka uliguse. Saa 24 zimewekwa ili mhudumu wa mapokezi asipate nafasi ya kumuuliza bosi wake.

Chini yake kuna linki. Kama mtandao halisi ungekuwa vyumbatanzania.co.tz, linki ingeweza kuwa hivi:

```
https://vyumbatanzania.co.tz.ingia-salama.com/wageni
```

Jicho husoma kutoka kushoto, likakutana na jina linalolijua, likaridhika. Anwani ya tovuti husomwa kinyume chake. Tafuta mkwaju wa kwanza, yaani alama ya /, baada ya https://, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Hapa utakuta com, halafu ingia-salama, na huyo ndiye mwenye tovuti. Yote yaliyotangulia kushoto kwake ni maneno aliyojiongezea, na hakuna wa kumzuia. Anwani inapoishia na co.tz au go.tz, mwenyewe ni neno lililo kushoto mara moja kwa hizo sehemu mbili.

Alama ya kufuli haisaidii hapa. Inaeleza kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani. Haielezi mwenye tovuti ni nani. Tapeli hupata cheti cha kufuli bure, kwa dakika chache.

Sasa mhudumu anaandika nywila. Ukurasa wa tapeli unaipeleka papo hapo kwenye tovuti halisi, nayo tovuti halisi inamtumia mhudumu tarakimu za uthibitisho kwa meseji, kama kawaida yake. Hapa ndipo wengi wanapokwama, tena watu makini: tarakimu zimetoka kwenye namba ile ile ya siku zote, basi ukurasa nao lazima uwe halali. Akiziandika, tapeli yumo ndani. Kinachofuata ni kibaya zaidi, kwani anawaandikia wageni kupitia akaunti halisi, akitaja majina yao na tarehe zao za kufika, na kuwaomba walipe upya.

Kabla ya kubonyeza linki, ishikilie kwa kidole mpaka anwani yote itokee. Kwenye kompyuta, weka mshale juu yake na utazame chini kushoto. Kama simu yako imehifadhi nywila na kwa kawaida huijaza yenyewe, leo ikikataa kuijaza, simama hapo hapo. Huwa inalinganisha anwani herufi kwa herufi, hivyo nembo haiidanganyi.

Aliyekwisha kuandika nywila asiishie kuibadilisha. Aingie kwa kuandika anwani halisi mwenyewe, aibadilishe, kisha achague kuiondoa akaunti kwenye vifaa vyote ilikofunguliwa, kwa sababu tapeli aliyekwisha kuingia anaweza kubaki ndani hata nywila ikibadilika. Kama kilichoibiwa ni barua pepe, akague mipangilio ya kupeleka nakala kwingine; matapeli hupenda kuacha mlango huo wazi. Meseji za kitapeli za simu zitumwe namba 15040.

Kuna hadaa moja ambayo kusoma anwani hakuifichui: barua inayotoka kwenye akaunti halisi ya mshirika wako iliyokwisha kuibiwa, haina linki, inasema tu akaunti ya benki imebadilika. Hiyo mpigieni simu mshirika kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo ndani ya barua.

Mafundi wa mitandao,
Moshi