Kwa nini malkia alikuwa anajitoa bure, na tulivyorekebisha

Mteja wetu mmoja alitutumia mchezo wake wa sataranji akiwa amekasirika. Kwenye toleo la zamani la programu yetu, kompyuta ilikuwa inaongoza vizuri, kisha malkia wake akala kitunda kilicholindwa na kitunda kingine, akaliwa papo hapo. Aliuliza: "Hii mashine inafikiri kweli, au inabahatisha?"

Inafikiri, ila ilikuwa inaacha kufikiri mahali pabaya. Programu huhesabu zamu mbele hadi kina fulani, tuseme zamu tatu: yake, yako, yake. Ikifika hapo husimama na kupima ubao kwa alama. Kwetu kitunda ni 100, askofu 300, ngome 500, malkia 900. Sasa chukua kitunda cheusi kilichoko d5, kinacholindwa na kingine kilichoko e6. Zamu ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, malkia mweupe anakula d5. Ubao unapimwa pale pale na kuonekana umepata 100. Zamu ya nne, ambapo e6 angemla malkia, haikuhesabiwa. Hesabu ya kweli ni 100 toa 900, yaani hasara ya 800. Programu inachagua njia ya kumpeleka malkia huko, na ikiwa imewekwa kwenye kina cha zamu moja tu, kama kiwango chetu cha kwanza cha zamani, inamla d5 mara moja.

Kuongeza kina hakuondoi kosa hili, kunalisogeza tu. Dalili yake ni rahisi kuiona: alama zinaruka kila kina kinapobadilika. Kina cha zamu tatu kinaishia kwa ulaji wetu, kwa hiyo ubao unapendeza kuliko ulivyo. Kina cha zamu nne kinaishia kwa ulaji wa mpinzani, ubao unatisha bila sababu, na programu inakimbia kete ambazo hazina hatari. Hans Berliner, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji ya barua, aliliita tatizo hili athari ya upeo mwaka 1973.

Dawa ni kutopima ubao ukiwa bado unachemka. Kina kikiisha, programu inaendelea kufuata ulaji peke yake mpaka kusiwe na wa kufaa. Hapa alfa ni alama ambayo mchezaji amekwisha kujihakikishia, na beta ni ile ambayo mpinzani hatamruhusu kuifikia:

```
int tulia(int alfa, int beta) {
    int alama = pima();
    if (alama >= beta) return beta;
    if (alama > alfa) alfa = alama;
    for (Hatua h : ulaji()) {
        cheza(h);
        int a = -tulia(-beta, -alfa);
        rudisha(h);
        if (a >= beta) return beta;
        if (a > alfa) alfa = a;
    }
    return alfa;
}
```

Mistari mitatu ya mwanzo ndiyo iliyotusumbua zaidi. Inasema mchezaji ana haki ya kutokula: kama ubao ulivyo unamtosha, anaukubali. Bila hapo, programu ingelazimika kula hata kitunda chenye sumu. Lakini mfalme akiwa amekaliwa shaha, haki hiyo haipo. Tunajaribu hatua zote za kumwokoa, jambo ambalo kipande hiki hakionyeshi. Na kwenye drafti yetu, ambako kula ni lazima, haki hiyo haipo pia panapokuwa na cha kuliwa, ndiyo maana injini ile tuliiandika tofauti.

Wateja wengine huuliza kama mfuatano huu unaweza usiishe. Unaisha, kwa sababu kila ulaji unapunguza kete, na kwenye sataranji haziwezi kuliwa zaidi ya 30. Bado unakula muda, kwa hiyo tunaanza na ulaji wa kete kubwa unaofanywa na kete ndogo, na tunaruka ule ambao hata ukifaulu haufikii alfa.

Ila kuna mahali dawa haifiki, na tunapenda mlijue hili. Askofu mweusi anakula kitunda a2. Mweupe anasogeza b2 hadi b3, njia ya kurudi inafungwa, na mfalme aliyeko c1 anakwenda b2, kisha anamla. Hatua mbili kati ya hizo si ulaji, basi ufuatiliaji wetu hauzioni. Lazima kina cha kawaida kifike zamu tano ndipo ulaji wa mwisho ugundulike. Na ikishagundua askofu amenaswa, programu inaweza kusukuma vitunda vitishie ngome yako, kimoja baada ya kingine. Kila tishio linakulazimu ujibu, zamu mbili zinaongezeka, na kifo cha askofu kinasukumwa nje ya upeo. Vitunda vinakwisha, askofu naye anakufa.

Hali hiyo bado inatokea kwenye viwango vya chini. Ukiona kompyuta inatoa vitunda ovyo, angalia kama ina kete iliyonaswa mahali, kisha bonyeza "Tuma mchezo". Michezo ya namna hiyo ndiyo tunayoifanyia majaribio kabla ya kila toleo.