Nimegawa kazi kwa wenzangu, sasa siku zangu zinaisha katika kusahihisha

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, ninaishi Ngamiani hapa Tanga, na kwa miaka saba nimefanya kazi hii peke yangu katika chumba kimoja cha nyumbani. Kazi zangu nyingi zinatoka kwa watafiti: madodoso, fomu za ridhaa na miongozo ya wadodosaji, vyote kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Ninatoza shilingi 60 kwa neno la Kiingereza, na nikitulia ninafasiri maneno 2,000 kwa siku, yaani siku yangu inaniingizia shilingi 120,000 kabla ya kodi na umeme. Naomba uishike namba hiyo, kwa kuwa shida yangu yote inarudi kwake.

Mwaka huu nilipata kazi ya maneno 40,000 iliyotakiwa kwa wiki mbili. Peke yangu ningehitaji siku 20, na kuikataa sikutaka, kwa hiyo nilichukua maneno 10,000 mwenyewe na 30,000 nikawagawia watu watatu sawasawa. Wa kwanza ni dada niliyesoma naye, wa pili ni kijana aliyemaliza chuo juzi, na wa tatu ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha Kiswahili sekondari. Tulikubaliana shilingi 42 kwa neno, na mimi nibaki na 18, ambazo ni asilimia 30 ya bei. (Tulikubaliana pia tuhesabu maneno ya Kiingereza na si ya Kiswahili. Naomba kila anayegawa kazi aliseme hilo mapema, kwani neno letu moja kama “sitawaambia” hubeba maneno matano ya Kiingereza, na mtu akihesabu kwa Kiswahili ataona amepunjwa au amepunja.)

Kwenye karatasi hesabu ilipendeza. Shilingi 18 mara maneno 30,000 ni shilingi 540,000, na nilikadiria kuhariri maneno 6,000 kwa siku, hivyo siku tano zingetosha. Kilichotokea ni kwamba kazi ya yule dada ilinichukua siku mbili, ya kijana siku tatu, na ya Mwalimu siku sita, kisha nikatumia siku nzima nyingine kuoanisha istilahi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na zake. Jumla siku 12. Gawanya 540,000 kwa 12 upate shilingi 45,000 kwa siku. Tena mteja alipolipa alikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ankara nzima, ilhali mimi nilikwisha kuwalipa wenzangu fedha kamili. Najua cheti cha kodi hiyo kitanisaidia nitakapofunga hesabu za mwaka, lakini mkononi zilipungua shilingi 90,000 kwa yale maneno 30,000 peke yake. Na kwa kuwa mteja alilipa baada ya siku 40, zile shilingi 1,260,000 za wenzangu nilizikopa kwenye kikoba.

Kazi ilichelewa siku nne. Hilo mteja alilisamehe. Lililoniumiza ni simu niliyopigiwa wiki ya mafunzo ya wadodosaji. Katika ukurasa wa 12 tuliandika “kaya”, katika ukurasa wa 31 tukaandika “familia”, na mahali pengine “nyumba”, ilhali Kiingereza kilikuwa na neno moja tu, lenye maana ya watu wanaokula chungu kimoja. Kwa msomaji wa kawaida tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa dodoso ni balaa: mama akiulizwa familia yake ina watu wangapi atamtaja na mwanawe aliyehamia Dar es Salaam miaka mitano iliyopita, na akiulizwa nyumba atamhesabu hata mpangaji wa chumba cha uani. Siku ile ya kuoanisha niliyapitisha maneno hayo kwa sababu kila sentensi, ikisomwa peke yake, ilikuwa Kiswahili safi. Nilirekebisha bila malipo.

Tangu hapo nimebadilisha mambo kadhaa. Kabla ya kazi kuanza ninatoa orodha ya istilahi, na kila neno lina chaguo moja tu, pamoja na mfano wa sentensi. Anayeona chaguo halifai anaandika pingamizi lake kwenye orodha, wala halibadilishi ndani ya kazi. Pia siku ya pili kila mtu ananikabidhi maneno 1,000 ya mwanzo, niyahariri na kumrudishia alama zangu zote akiendelea na mengine. Jambo hili ndilo lililosaidia kuliko yote. Kosa la kijana wetu lilikuwa kufuata mpangilio wa sentensi ya Kiingereza, na alipoliona katika maneno 1,000 hakulirudia katika yaliyobaki. Awali niliyasubiri yote 10,000 yafike, ndipo nikakuta kosa moja limeandikwa mara mia.

Kwa Mwalimu haikuwa rahisi hivyo. Kiswahili chake kinanizidi mara nyingi, lakini hafasiri, anasimulia. Swali fupi linalouliza mtu alikula mara ngapi jana, kwake lilikuwa sentensi mbili zenye utamu, na dodoso halitaki utamu, linataka kila mhojiwa asikie swali lile lile. Nilishindwa kumwambia mtu aliyenisahihishia insha kwamba kazi yake haifai. Nikaenda kwake jioni, nikamwamkia, na badala ya kumpa Kiingereza nikamwomba asome tafsiri yetu ya kazi nyingine ndogo, bila matini ya asili, na aweke alama kila mahali anapokwama.

Alisoma kwa sauti pale barazani, polepole, kalamu mkononi. Kwenye fomu ya ridhaa akasimama. Nilikuwa nimeandika: “Hutakiwi kujibu swali lolote usilolipenda.”

“Mwanangu,” akaniuliza, “huyu unamruhusu asijibu au unamkataza kujibu?”

Sentensi ile niliiandika mimi mwenyewe, na kijana pamoja na yule dada waliipitia wakaiona sawa, kwa sababu sote watatu tulikuwa tunaijua maana yake ya Kiingereza kabla ya kuisoma. Tukaandika “Si lazima ujibu”. Fomu ya ridhaa ndiyo inayolinda haki ya mhojiwa, na mimi nilikuwa karibu kuituma ikisema kinyume. Tangu siku hiyo Mwalimu ndiye msomaji wetu wa mwisho, na ninamlipa shilingi 6 kwa neno.

Sasa nirudi kwenye hesabu. Mfasiri 42, msomaji wa mwisho 6, gharama yangu imekuwa 48 kwa neno. Kwa ile kazi ndogo ya maneno 8,000 nilitaka nibaki na asilimia 30 kama zamani, nikachukua 48, nikaongeza asilimia 30 juu yake, nikamwandikia mteja 62. Baadaye ndipo nilipoona kosa langu: shilingi 14 katika 62 hazifiki hata asilimia 23, kwa kuwa asilimia 30 ya gharama si asilimia 30 ya bei. Nilipaswa kugawanya 48 kwa 0.7, ambayo ni karibu 69. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, niliihariri kwa siku moja na nusu, na hapakuwa na malalamiko. Lakini shilingi 112,000 kwa siku moja na nusu ni kama 75,000 kwa siku, bado mbali na 120,000 ninazopata nikifasiri peke yangu.

Hapo ndipo nilipokwama. Nimegundua kwamba ile sehemu ninayobaki nayo, ambayo nilikuwa naiita faida, kwa kweli ni ujira wangu wa kuhariri, na ukubwa wake unategemea kasi ninayohariri nayo kuliko asilimia niliyopanga. Hata ile kazi ya kwanza ingekwenda kama nilivyopanga, maneno 6,000 kwa siku kwa shilingi 18 yangeniletea 108,000 tu. Kurudi kufanya kazi peke yangu sitaki, kwa sababu kazi kubwa zitanipita, na hawa wenzangu wameanza kunitegemea.

Mfanyabiashara mmoja ninayemheshimu alinishauri nichukue asilimia 40, yaani niwalipe wafasiri 36. Nililigusia jambo hilo kwa yule dada niliyesoma naye, naye hakukasirika. Alinijibu, “Dada, nikilipwa thelathini na sita itabidi niharakishe ili siku yangu ilipe, na nikiharakisha wewe ndiye utakayekesha.” Ninamwamini, kwani kazi yake ndiyo ninayoihariri kwa kasi kuliko zote, na nikimpoteza yeye nitaokoa shilingi sita na kupoteza siku.

Kuna kazi mpya ya maneno 55,000 kutoka kwa mteja wa zamani, na bei inatakiwa mwishoni mwa mwezi ujao. Amezoea 60. Kwa mpangilio wetu wa sasa ninahitaji 70, ili nibaki na 22, na kwa kasi ya maneno 5,300 kwa siku nifikie karibu 117,000. Nisaidie katika haya. Je, nimwandikie 70 kwa jumla, au niache tafsiri kwenye 60 na kuweka usomaji wa mwisho kama mstari wake wenyewe kwenye ankara, shilingi 10, nikimweleza kisa cha ile sentensi ya ridhaa? Ninaogopa kwamba akiuona mstari huo peke yake ataufuta, na mimi siko tayari tena kutuma fomu ambayo Mwalimu hajaisoma.

Pili, nifikirie kumpandisha yule dada awe mhariri wa kazi za kijana, na kama ndivyo, nimlipe kwa neno au kwa siku? Kwa sasa kila sentensi inapita kwangu, na nikiugua homa wiki moja kila kitu kinasimama.

La tatu linahusu fedha ya kuanzia. Je, ni haki kumwomba mteja wa zamani malipo ya awali ya nusu, kwa kuwa sasa ninalipa watu wengine kabla yeye hajanilipa, au anayegawa kazi anapaswa kwanza kuwa na akiba yake mwenyewe?

Nitashukuru kwa jibu lako, na hata kwa jibu la msomaji yeyote aliyepitia njia hii katika ushonaji, uchoraji wa ramani au fani nyingine.

Wako,
Mfasiri, Ngamiani, Tanga